Usiandike siri, andika namna mazungumzo yalivyokatwa

Ukiandika juu ya jambo lisilotajwa nyumbani, acha sentensi kama "hatukuwahi kumzungumzia baba mdogo". Msomaji ataielewa, lakini hataisikia. Chagua siku moja jambo lile lilipokaribia kutajwa, kisha andika vitu vitatu kwa mfuatano: neno lililoligusa, mikono ya mtu mzima ilifanya nini, na mada gani ikaingizwa haraka. Mfano: mtoto anauliza, "Huyu aliyekatwa kwenye picha ni nani?" Mama anaanza kukusanya vikombe, kimoja bado kina chai, anasema, "Kesho shule, umepiga pasi sare?" Basi, ishia hapo. Ukiongeza "alikuwa anaficha uchungu wake" umeuvunja ukimya kwa niaba yake, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi.

Mara moja haitoshi, kwani msomaji atadhani mama ana haraka tu. Rudia kugusa jambo lilelile mara mbili zaidi, kwa watu tofauti. Bibi akijibu kwa hasira na shangazi akacheka, tayari tunajua kila mmoja anajua kiasi gani.

Mbinu hii hushindwa pale ambapo hakuna aliyewahi kuuliza. Usitunge swali, hasa kama unaandika kumbukumbu za kweli. Andika mwili wa mtoto ulivyojifunza: anapita mlango wa chumba kile bila kugeuza shingo.