Friza inayotoa jasho nje: anza na mpira wa mfuniko

Maji yanayoonekana ubavuni mwa friza ya kulala kwa kawaida hayavuji kutoka ndani. Ni mvuke uliomo katika hewa ya chumba, ambao umegusa bati lenye baridi ukageuka matone. Nitaeleza utaratibu wa kutafuta chanzo kwa kufuata friza ya duka la samaki karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, iliyokuwa ikiloa kila asubuhi wakati wa masika.

Kwanza, ifute friza yote kwa kitambaa kikavu, ufunge mfuniko, kisha uangalie maji yanarudia wapi mapema zaidi. Pale Mbuyuni matone yalirudi kwenye kona ya mbele kushoto, chini kidogo ya mfuniko, wakati sehemu nyingine za bati zilikuwa bado kavu.

Pili, pima hewa. Chukua kikombe cha bati chenye maji ya kawaida, weka kipimajoto ndani, kisha ongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka ukungu uanze kushika nje ya kikombe. Chetu kilishika ukungu kwenye nyuzi 19 za Selsiasi, maana yake kitu chochote chumbani humo chenye baridi kuzidi hapo kingeloa. Wakati wa kiangazi, hewa inapokuwa kavu, kikombe hudai baridi kali zaidi, na ndiyo sababu friza ileile yenye kasoro ileile huweza kuonekana nzima mwezi Septemba.

Tatu, bana kipande cha karatasi kati ya mpira na ukingo, funga, kisha kivute taratibu, ukirudia kuzunguka mfuniko wote. Kinapaswa kukaza. Kwenye kona yetu kilitoka bila kushikwa, na tulipofunua tukakuta barafu imeganda juu ya ukingo, ikiunyanyua mpira. Baridi ilikuwa ikipenya hapo na kulipoza bati la nje, na hewa yenye unyevu nayo ikiingia na kuikuza barafu ile.

Chomoa umeme, yeyusha barafu kwa kitambaa cha maji ya moto (kisu hukata mpira), osha mpira kwa sabuni, ukaushe vizuri. Ukiwa umebonyea, ukande kwa kitambaa hicho cha moto hadi ulainike, kisha funga. Ukiwa umepasuka, badilisha.

Baada ya hapo tulihamisha jiko la supu lililokuwa likichemka chumba hichohicho na kuisogeza friza mbali na ukuta ili hewa ipite. Usiongeze ubaridi kwa kudhani utasaidia. Bati hupoa zaidi na jasho huzidi.

Karatasi ikikaza pande zote, lakini doa moja katikati ya ubavu likabaki baridi na kuloa hata kiangazi, kuna uwezekano mkubwa kwamba povu la kuzuia baridi lililo ndani ya ubavu wa friza limelowa au limeachana na bati. Hapo mpira mpya hautasaidia kitu.