Kupima wasifu wa karani wa kuingiza data

Tuseme chama cha maziwa hapa Nakuru kinatafuta karani wa kuchapa maneno 40 kwa dakika, usahihi wa asilimia 98, anayejua Excel. Gawa alama 100 hivi: kasi 35, usahihi 40, Excel 25. Usahihi unabeba zaidi kwa sababu lita zikiandikwa kimakosa, mkulima analipwa kimakosa.

Wasifu unasema "vibonyezo 10,000 kwa saa". Usidanganywe na ukubwa wa namba. Gawanya kwa 60, kisha kwa 5, maana neno moja huhesabiwa kuwa vibonyezo vitano: ni maneno 33 tu. Kwa kuwa tulitaka 40, mpe alama kwa uwiano huo: 29 kati ya 35.

Kwenye usahihi, "mimi ni makini" ni sifuri (kila mtu huandika hivyo). "Rekodi 200 zilikaguliwa, 2 zikawa na kosa" ni asilimia 99, apewe 40 zote, ila umpigie msimamizi wake athibitishe.

Neno "Excel" peke yake lipe 5. Aliyeeleza kwamba alitumia fomula ya COUNTIF kunasa namba za wanachama zilizojirudia anastahili 20 hivi.