Fomu ya ridhaa ya mtoto: mwandikie maneno ya kukataa

Kwa wanaoandaa fomu za ridhaa za watoto wa miaka 10 hapa Mombasa: usiishie kwenye "kushiriki ni kwa hiari". Andika maneno yenyewe ambayo mtoto atatamka akikataa, na kitakachofuata. Tuseme ni utafiti wa malaria katika shule moja ya Likoni: "Tutakudunga kidole mara moja, tutoe matone mawili ya damu. Utasikia uchungu kidogo. Ukitaka tuache, sema 'sitaki'. Tutaacha hapo hapo na hakuna atakayekugombeza. Ukiugua, utatibiwa kama kawaida." Watoto wetu wamelelewa kumtii mkubwa, kwa hiyo kumwambia mtoto tu kwamba ana haki ya kukataa hakumsaidii kama hajui aseme nini.

Kisha ijaribu fomu kwa watoto wachache. Usiulize "Umeelewa?" maana utajibiwa ndiyo. Uliza: "Ukisema hutaki, nini kitatokea?" Akijibu "mwalimu atakasirika" au "sitapewa dawa", sentensi zako bado hazijamfikia, ziandike upya.

Njia hii hushindwa mwalimu au mzazi akikaa karibu, kwani mtoto humtazama yeye kwanza. Mwombe asogee mahali anapoonekana lakini hasikii. Tena usiahidi usichoweza: majina yakishafutwa kwenye sampuli, damu ya mtoto haitambuliki tena, hivyo haiwezi kuondolewa kwenye utafiti. Mwambie waziwazi: "Ukibadili nia, tuambie kabla hatujafuta jina lako."