Somo: Kuhesabu kafeini ya siku nzima ukichanganya unga wa mazoezi, enaji, chai na kahawa

Wiki iliyopita mwenzangu wa mazoezi alilalamika kwamba usingizi umemkimbia, ilhali kahawa anakunywa kikombe kimoja tu, asubuhi. Tuliandika kila alichokunywa siku hiyo, na hesabu yake ndiyo nitakayotumia hapa.

Hatua ya 1: Andika kinywaji, kiasi na saa. Saa msiiruke, tutaihitaji mwishoni. Yake ilikuwa hivi: kahawa kikombe kikubwa saa 1 asubuhi, chai ya rangi saa 4, kopo la enaji la mililita 500 saa 8 mchana, na unga wa kabla ya mazoezi, kijiko kimoja cha kupimia, saa 11 jioni.

Hatua ya 2: Geuza kila kimoja kuwa miligramu. Kahawa na chai hukadiriwa tu, kwa sababu hutegemea majani, kipimo na muda wa kuchemsha. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa na kama mg 95, ya unga wa kuyeyuka kama 60, na chai ya rangi kama 45.

Kwenye enaji ndipo watu huteleza. Lebo nyingi huandika kiasi kwa kila mililita 100, si kwa kopo. Yeye aliona "32" akaridhika. Kopo lake ni la mililita 500, kwa hiyo ni 32 × 5 = mg 160.

Unga wa mazoezi usomeni hadi mstari wa mwisho. Wake ulikuwa na kafeini anhidrasi mg 200, na chini yake dikafeini malati mg 100. Hiyo ya pili ni kafeini iliyofungwa na asidi ya maliki, na takribani robo tatu ya uzito wake ni kafeini tupu, yaani mg 75. Jumla ya kijiko ni 275. Mkiona guarana, jueni kwamba nayo ina kafeini, hata kama neno kafeini halikutajwa kwenye mstari huo.

Hatua ya 3: Jumlisha. 95 + 45 + 160 + 275 = mg 575. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi mg 400 kwa siku, na hadi mg 200 kwa mkupuo mmoja, bila wasiwasi. Kile kijiko peke yake kimeshavuka kiwango cha mkupuo.

Hatua ya 4: Hesabu kilichobaki mwilini. Kwa watu wengi kafeini hupungua nusu kila baada ya saa 5 hivi, ingawa wapo wa haraka na wa polepole sana. Ilipofika saa 11 jioni, kahawa ya asubuhi ilikuwa imebakiza kama mg 24, chai kama 17, na enaji bado kama 105. Hizo ni karibu 146 kabla hajagusa unga. Akaongeza 275, akawa na zaidi ya mg 400 kwa wakati mmoja. Saa 4 usiku, akipanda kitandani, bado ana kama 210: sawa na vikombe viwili vya kahawa na zaidi. Kuacha kahawa ya asubuhi kusingemsaidia kitu. Cha kuondoa kilikuwa enaji ya mchana na ule unga wa jioni.

Maswali ya wanachama

*Kaka, nikitumia nusu kijiko nimepata nusu ya kafeini?*
Takribani, ndugu yangu, ila usikiamini kijiko. Unga hushindiliwa safarini, na kijiko kilichojaa kikabonyezwa hubeba zaidi ya kilichosawazishwa. Angalia lebo inasema gramu ngapi kwa kipimo, kisha tumia mizani ndogo ya jikoni. Tikisa kopo kwanza, maana viungo hujitenga.

*Wangu umeandikwa "mchanganyiko maalumu", hakuna namba ya kafeini.*
Basi huwezi kuuhesabu. Mimi nisingeutumia kabisa siku yenye kahawa au enaji, na kwa kweli ningetafuta mwingine wenye namba.

*Natumia vidonge vya kupanga uzazi, hesabu inabadilika?*
Ndiyo dada, na umefanya vizuri kuuliza. Vidonge vyenye estrojeni huweza kuongeza muda wa kafeini kukaa mwilini karibu mara mbili, kwa hiyo kwenye hatua ya 4 weka saa 10 badala ya 5. Ukiwa mjamzito, kikomo cha siku nzima ni mg 200.

*Dawa za kichwa nazo zinaingia?*
Baadhi zinaingia. Zipo zenye mg 65 kwa kidonge, na watu humeza viwili kwa ajili ya kichwa kilichoumwa kwa kukosa usingizi. Soma pakiti. Na kama moyo unadunda ovyo, unatapika au kifua kinabana baada ya kuchanganya, acha kuhesabu, nenda hospitali na kopo la ule unga mkononi ili daktari aone ulichokunywa.