Kuhesabu Mipangilio ya Spora za Sordaria ili Kukadiria Umbali wa Jeni na Sentromea

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na wanafunzi wa mwaka wa pili wa baiolojia ambao walikuwa na slaidi nzuri na hadubini nzuri, lakini kila kundi likapata jibu lake. Fomula waliijua wote. Walichotofautiana ni vifuko vipi vya spora vihesabiwe na vipi viachwe, kwa hiyo hatua hiyo nitaieleza kwa urefu kuliko nyingine zote.

Kuvu tunayoitumia ni Sordaria fimicola. Aina yake ya asili ina spora nyeusi, na tunaichanganya na aina yenye badiliko la jeni linalofanya spora ziwe za kahawia hafifu. Ndani ya kila kifuko cha spora, kiini kimoja chenye seti mbili za kromosomu hupitia meiosisi na kutoa viini vinne, kisha kila kimoja hugawanyika tena kwa mitosisi, zikapatikana spora nane. Kifuko ni chembamba kiasi kwamba spora hukaa kwenye mstari mmoja kama njegere ndani ya ganda lake, na kwa sababu hiyo mpangilio wa rangi hutunza kumbukumbu ya mgawanyiko. Kama kromatidi, yaani nakala mbili za kila kromosomu, hazikubadilishana vipande kati ya jeni na sentromea, sehemu inayozishikanisha nakala hizo, rangi mbili hutengana katika mgawanyiko wa kwanza, nasi tunaona nyeusi nne zikifuatana na kahawia nne. Kama zilibadilishana, rangi hutengana katika mgawanyiko wa pili, na spora hujipanga mbilimbili, au mbili, nne, mbili.

Hatua ya 1: Kuchanganya. Weka vipande vya agari vyenye aina hizo mbili kwenye sahani ya petri, kila aina katika robo mbili zinazotazamana kwa mshazari. Tunza sahani katika nyuzijoto 22 hadi 24 kwa siku 8 hadi 10. Kwa walio pwani, napendelea inkyubeta yenye kupoza kuliko meza ya maabara, kwa sababu joto hubadilisha pia kiwango cha kromatidi kubadilishana vipande.

Hatua ya 2: Kutengeneza slaidi. Chukua perithesia, vile vyungu vidogo vyeusi vya uzazi, kutoka kwenye mstari ambapo aina mbili zimekutana. Tano au sita zinatosha. Ziweke kwenye tone la maji, funika kwa kioo chembamba, kisha bonyeza kwa kifutio cha penseli, wima, bila kuzungusha. Ukibonyeza vizuri, vifuko hutoka vikiwa shada moja, vimeshikana upande wa chini na kutawanyika upande wa ncha. Ukiona spora nyingi zikielea peke yake, ama umebonyeza kwa nguvu mno ama perithesia zimepita umri, na slaidi hiyo usiihesabu.

Hatua ya 3: Kuamua kipi kihesabiwe. Hapa ndipo matokeo huharibika.

Kwanza, Sordaria inaweza kujizalisha yenyewe bila mwenzi. Hata kwenye mstari wa makutano utakuta perithesia ambazo vifuko vyake vyote vina spora nyeusi tupu au za kahawia tupu. Hizo si zao la mchanganyiko na hazina habari yoyote kuhusu jeni, kwa hiyo hazimo katika jumla. Nimeona daftari ambalo vifuko vya nyeusi tupu viliingizwa kama vifuko visivyo na mbadilishano, na umbali ukashuka karibu nusu.

Pili, spora nyeusi hazizaliwi nyeusi. Huanza zikiwa hazina rangi, hupitia kahawia, ndipo zinapokolea. Katika shada moja vifuko havikomai kwa pamoja, na ndani ya kifuko kimoja spora moja inaweza kuchelewa kidogo na kuonekana kama ya kahawia halisi. Njia ya kutambua ni kutazama vifuko jirani: kama nyeusi zao bado ni za udongo badala ya kuwa nyeusi kabisa, rudisha sahani kwenye inkyubeta kwa siku moja kisha utengeneze slaidi mpya. Kuongeza mwanga wa hadubini ili kutafuta tofauti ya rangi ambayo bado haijatokea hakusaidii.

Tatu, jicho hupenda mpangilio wa nne kwa nne. Unaonekana hata kwa lenzi ya mara 10, ilhali mpangilio wa mbilimbili huhitaji utulie na kuhesabu. Mtu anayechagua vifuko "vinavyoonekana vizuri" atakusanya nne kwa nne kupita kiasi bila kukusudia. Nasisitiza kanuni moja: ukishaingia kwenye shada, tumia lenzi ya mara 40, anza ukingo mmoja, na usome kila kifuko kwa zamu ambacho spora zake zote nane zinaonekana. Amua kwanza kama kinasomeka, ndipo usome rangi.

Nne, utakutana na vifuko vyenye nyeusi sita na kahawia mbili, au tano kwa tatu. Kama spora zote nane zimekomaa, hilo huweza kuwa badiliko halisi ambapo umbo moja la jeni limenakiliwa juu ya lingine. Mtaalamu wa kuvu Lindsay Olive alilieleza katika Sordaria mwaka 1959. Viandike kwenye safu ya pembeni, pamoja na vile ambavyo spora moja imeteleza na kumpita jirani yake, wala usivilazimishe kuingia katika mipangilio ya kawaida.

Hatua ya 4: Kukokotoa. Tuchukue mfano wa vifuko 240 vya mchanganyiko, N ikiwa nyeusi na K kahawia:

```
NNNNKKKK au KKKKNNNN : 112
NNKKNNKK au KKNNKKNN :  66
NNKKKKNN au KKNNNNKK :  62

umbali = 0.5 × (66 + 62) / 240 × 100 = 26.7
```

Tunagawanya kwa mbili kwa sababu katika kifuko chenye mbadilishano mmoja, kromatidi mbili tu kati ya nne ndizo zilizobadilishana vipande. Kwa hiyo asilimia 53.3 ya vifuko inakuwa sentimorgani 26.7, sentimorgani ikiwa kipimo cha umbali kwenye kromosomu. Kabla ya kuiamini, linganisha 66 na 62: mipangilio hiyo miwili inatarajiwa kuwa sawa, na kama mmoja ungezidi mwingine kwa mbali, ningerudi kwenye hadubini.

Kosa la kisampuli hupatikana hivi: kipeuo cha pili cha 0.533 × 0.467 / 240 ni takribani 0.032, na nusu yake ni 0.016, yaani sentimorgani 1.6. Ukichukua mara mbili ya kosa hilo kila upande, umbali uko kati ya 23.5 na 29.9. Kwa vifuko 50 tu, kipimo hicho kingetanuka hadi kama 7 kila upande, ndiyo maana nakataa ripoti yenye vifuko chini ya 200.

Jibu lako lisipolingana na la kitabu, usilirekebishe. Kuvu hii iliyokusanywa kwenye miteremko miwili inayotazamana ya bonde moja la Mlima Karmeli, Israeli, ilionyesha viwango tofauti vya mbadilishano, ilhali ni spishi ileile. Kuna kikomo kingine pia: mibadilishano miwili kati ya jeni na sentromea huweza kurudisha mpangilio wa nne kwa nne na kujificha, hivyo njia hii hupunguza umbali wa jeni zilizo mbali. Vifuko vya mgawanyiko wa pili vikikaribia theluthi mbili, yaani umbali wa karibu 33, andika tu kwamba jeni iko mbali na sentromea.