Kutoa sauti kwenye video na kuifanya kipindi cha dakika mbili kwa wasio na bando

Wadau, hii ni kwa wale mnaotengeneza video za mafunzo huku Kigoma halafu walengwa wenyewe hawazioni, mama anayeanika dagaa Kibirizi au Katonga ana kitochi na redio basi, bando la kufungua video ya makumi ya MB atalitoa wapi. Sauti ya hiyo video inaweza kumfikia, ila sio kwa kuichomoa tu na kuirusha kama ilivyo. Nitatumia video ya kuanika dagaa kwenye chanja, dakika nne na sekunde ishirini, mpaka iwe faili la dakika mbili.

Hatua ya 1: toa sauti, zima picha

Kama una kompyuta weka programu ya FFmpeg, ni ya bure, halafu andika hivi kwenye dirisha la amri:

```
ffmpeg -i dagaa.mp4 -vn -ac 1 -ar 44100 dagaa.wav
```

Hapo `-vn` inaondoa picha na `-ac 1` inakupa sauti ya upande mmoja, maana kitochi kina spika moja tu. Kama video ina muziki chini ya maneno usitoe sauti kwenye video iliyokamilika, rudi kwenye mradi wako wa kuediti, zima muziki, ndio utoe. Muziki ukishachanganyika na maneno kuutenganisha ni shida kweli, na kwenye spika ndogo unayafunika maneno. Halafu wimbo wa mtu una haki zake, redio watakuuliza.

Hatua ya 2: sikiliza bila kuangalia

Hapa ndipo kazi yote ilipo, naomba msiiruke. Geuza simu kifudifudi, sikiliza mwanzo mwisho na kalamu mkononi, kila sehemu ambayo maneno yanategemea jicho andika dakika yake. Afadhali zaidi umpe mtu ambaye hajaiona hiyo video kabisa halafu umwambie akueleze alichoelewa, kwa sababu wewe uliyeipiga picha bado unaiona kichwani hata ukifumba macho.

Kwenye ya dagaa mama anasema, "Chanja iwe juu kiasi hiki, mnawatandaza hivi, msiwarundike, mnaona? Mpaka wafikie hapa." Kwenye video iko wazi kabisa. Kwa sauti peke yake hamna kitu hapo, msikilizaji hajui juu kiasi gani, hivi ni vipi, na hapa ni wapi. Kwa hiyo sentensi moja ina mashimo matatu, na kila shimo lizibwe kwa kitu ambacho mtu anaweza kukipima kwa mwili wake, sio kwa rangi wala "kama hivi":

Juu kiasi hiki inakuwa "usawa wa kiuno chako, kuku na mbwa wasifike, mchanga usirukie". Mnawatandaza hivi inakuwa "safu moja tu, dagaa asimlalie mwenzake, upepo upite juu na chini ya wavu". Na wafikie hapa, ambapo video ilionyesha rangi, inakuwa "chukua dagaa mmoja, mkunje, akivunjika kwa mlio amekauka, akipinda bila kuvunjika mrudishe juani".

Huo mlio wa dagaa kuvunjika karekodi kabisa. Shika simu karibu, vunja dagaa watatu wanne mmoja mmoja, uweke baada ya hayo maneno, yaani msikilizaji anapata kwa sikio kile ambacho video ilimpa kwa jicho, na kesho yake akiwa mwaloni atausikia tena mkononi mwake.

Hatua ya 3: rekodi maneno ya kuziba

Arekodi yule yule anayesimulia kwenye video, akibadilika mtu msikilizaji anadhani ni kipindi kingine. Ingieni chumba chenye nguo nyingi au godoro, sauti isirudi, simu ikae kama shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isipige maiki. Shida moja itabaki: maneno mapya yana ukimya wa chumbani na ya zamani yana ziwa nyuma, ukiyaunga inasikika kama mlango unafungwa na kufunguliwa. Tafuta kwenye video sehemu ambayo hamna anayeongea, sekunde kumi za mwaloni mtupu zinatosha, ziweke chini ya maneno mapya.

Hatua ya 4: kata

Fungua Audacity, programu ya kuediti sauti, nayo ni ya bure. Dakika mbili za Kiswahili cha kuongea taratibu ni maneno kama 220 hivi, kwa hiyo utakata sana. Toa salamu ndefu, toa "sabskraibu" na "linki iko chini", toa "kama nilivyosema mwanzoni" kwa sababu mtu wa redio hawezi kurudisha nyuma na pengine amefungua katikati. Sentensi ya kwanza itaje jambo lenyewe, "Unaanika dagaa? Hivi ndivyo utajua wamekauka". Kipimo cha kumkunja dagaa kiseme mara mbili, katikati na mwishoni. Habari za mvua na turubai nilizitoa zote, ni nzuri lakini zina kipindi chake, mambo mawili kwa dakika mbili yanatosha.

Hatua ya 5: mafaili mawili, sio moja

Kutoka Audacity toa WAV, iite `kamili.wav`, hiyo ndiyo unawapelekea redio kwenye fleshi. Ya kitochi itoe hivi:

```
ffmpeg -i kamili.wav -af "highpass=f=100,loudnorm=I=-16:TP=-1.5" -ac 1 -ar 44100 -b:a 48k DAGAA1.mp3
```

`highpass` inapunguza mngurumo wa upepo wa ziwani, `loudnorm` inasawazisha ili anayenong'ona na anayepaza wakaribiane. Dakika mbili zinakuja kama KB 720. Usiwape redio hii ndogo, wakiikandamiza tena mitamboni kwao maneno yanakwaruza.

Na kwenye WhatsApp itume hiyo MP3 kama faili, usishikilie kitufe cha maiki mbele ya spika urekodi voisi. Kwanza sauti inapooza, pili voisi za WhatsApp zinahifadhiwa kwa mfumo wa opus ambao vitochi vingi havifungui. MP3 mtu mmoja mwenye simu janja kijijini anaishusha mara moja, anawarushia wengine kwa blututhi au anaiweka kwenye memori kadi, hapo bando halihusiki tena.

Hatua ya 6: jaribu na kabidhi

Weka kwenye kitochi chenyewe, sauti mpaka mwisho, kiache nje kwenye kelele, simama hatua tano. Neno lolote linalokupotea rudia kulirekodi, usiongeze sauti tu, ikipasuka ndio haieleweki kabisa.

Kabla ya kukabidhi mrudie yule mama umuulize upya, alikubali video, hakukubali redio, na sauti yake kijijini kwao inajulikana hata usipotaja jina. Redio wape na karatasi yenye urefu wa kipindi, maneno matatu ya kwanza na matatu ya mwisho ili fundi mitambo ajue kinapoisha, na waombe kirushwe siku na saa ile ile kila wiki, saa ambayo boti zimesharudi na dagaa wako juu ya chanja.