Kutoka idadi ya kura hadi asilimia yenye desimali moja

Juzi nilikuwa namsaidia rafiki yangu mwalimu wa hesabu kuandaa jedwali la darasani, tukachagua matokeo ya urais wa Kenya ya 2022. Yana mtego mzuri, utauona hatua ya 3.

1. Fungua Excel. Majina yakae safu A, kura safu B, kuanzia mstari wa 2:

```
Ruto        7176141
Odinga      6942930
Wajackoyah    61969
Mwaure        31987
```

Jumla ni 14,213,027, kura halali peke yake. Zilizokataliwa zisiingie, Mahakama ya Juu iliamua hivyo tangu 2013.

2. Kwenye C2 andika hivi, kisha buruta hadi C5:

```
=B2/SUM($B$2:$B$5)
```

Ukisahau alama za dola, jumla itateleza kila unaposhuka mstari, na Mwaure atapata 100%.

Bonyeza kitufe cha %, weka desimali moja. Usizidishe kwa 100 ndani ya fomula. Wapo wanaofanya hivyo, halafu wanabonyeza % na kushangaa kuona 5049.0%.

3. Hapa ndipo penye kazi. Utaona 50.5, 48.8, 0.4 na 0.2. Zijumlishe kwa mkono: 99.9. Rafiki yangu alidhani tumekosea, akafungua matokeo yaliyotangazwa, ambako Odinga ana 48.85. "Si hii inakuwa 48.9?" Akaiweka, na jumla ikatimia 100.0 sawasawa.

Jumla imetimia, lakini 48.9 si sahihi. Ile 48.85 yenyewe imeshakadiriwa. Ukigawanya kura zenyewe unapata 48.849, na kwa kuwa tarakimu inayofuata 8 ya desimali ni 4, inabaki 48.8. Kukadiria namba iliyokwisha kukadiriwa kumempandisha mgombea sehemu ya kumi ya asilimia ambayo kura zake hazimpi. Kwa hiyo rudi kwenye idadi ya kura kila mara. Kama huna idadi, una asilimia tu, na inaishia na 5, huwezi kujua ielekee wapi. Iache na desimali zake mbili.

Hiyo 0.1 iliyopotea haikuibwa na mtu. Ruto amepanda kidogo kutoka 50.490, wengine watatu wameshuka, na walichopoteza kimezidi alichoongezewa. Hata zile za desimali mbili zilizotangazwa, 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, zinaleta 100.01.

Usimwongezee mgombea yeyote ili kuziba pengo. Mimi pia siweki `ROUND` kwenye safu C. Naacha muonekano ukate desimali, thamani kamili ibaki chini yake.

4. Mstari wa jumla:

```
=SUM(C2:C5)
```

Itaonyesha 100.0%, na msomaji mwenye kalamu atapata 99.9. Chini ya jedwali andika: "Asilimia zimekadiriwa, huenda zisifike 100.0 zikijumlishwa."